Sifuri ya Mbele: Kuandika Alama Ambazo Kibodi Haina

Karatasi iliyoandikwa kwa mkono inaletwa steshenari ichapwe. Ni tangazo fupi la kubandikwa kwenye mlango wa friji ya chanjo: joto liwe kati ya 2 °C na 8 °C, ambacho ndicho kiwango kinachotakiwa kwa chanjo nyingi. Mchapaji anafika kwenye kile kiduara kidogo cha nyuzi na kusita. Kwenye kibodi hakipo. Anafanya wanavyofanya wengi: anaandika herufi o, anaipunguza ukubwa na kuipandisha juu ya mstari. Kwenye karatasi inaonekana sawa kabisa. Shida huja pale maandishi hayohayo yanaponakiliwa na kutumwa kwa ujumbe wa simu. Mapambo yote ya Word hubaki nyuma, na anayepokea husoma 8oC. Kwa haraka haraka, macho yanaona 80C.

Kiduara halisi kimo ndani ya Windows siku zote, na njia ya kukitoa ni fupi. Shikilia kitufe cha Alt cha kushoto, piga 0176 kwenye vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia wa kibodi, kisha achia Alt. Alama hutokea mara tu kidole kinapoinuka, si kabla. Hiyo si herufi iliyopandishwa bali ni alama yenyewe ya nyuzi, na itabaki hivyo kwenye ujumbe, kwenye Excel na kwenye jina la faili.

Sasa, mtu akiuliza mtandaoni anaweza kuambiwa apige Alt na 248 badala ya 0176. Nayo ni sahihi, italeta kiduara kilekile. Lakini mwingine, akidhani sifuri ya mbele ni desturi tu ya kuandika namba hizi, atapiga 0248, na tangazo lake litasomeka 8øC. Ile ø ni herufi wanayoitumia Wadenmaki na Wanorwe.

Kosa hilo linaeleza mfumo mzima. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na orodha ya alama 256, kila moja na namba yake, kuanzia 0 hadi 255. Aliyetaka alama isiyokuwepo kwenye kibodi alishika Alt na kupiga namba yake. Baadaye Windows ilikuja na orodha yake, iliyopangwa kwa namna nyingine, ila haikuitupa ile ya zamani kwa kuwa watu walikwisha kuzizoea namba zao. Zote mbili zikawekwa, na sifuri ya mbele ikawa ndiyo alama ya kuchagua. Namba isiyo na sifuri husomwa kwenye orodha ya zamani. Yenye sifuri husomwa kwenye orodha ya Windows. Ndiyo maana 248 ni kiduara na 0248 ni ø. Ndiyo maana pia 163 ni ú, na 0163 ni alama ya pauni.

Kati ya hizo mbili, bora kujifunza zenye sifuri. Orodha ya zamani yenyewe ina matoleo kadhaa, na kompyuta hutumia toleo moja au jingine kutegemea mipangilio ya nchi na lugha. Kwenye Windows iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani, Alt na 251 hutoa alama ya kipeuo cha pili, √. Kwenye iliyopangwa kwa Kiingereza cha Uingereza, namba hiyohiyo hutoa ¹. Watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa kuhusu 251 na wote wakawa wakweli.

Kwa kazi za kila siku, hizi chache zinatosha kubandikwa pembeni ya skrini:

```
Alt + 0176   °
Alt + 0189   ½
Alt + 0215   ×
Alt + 0233   é
Alt + 0163   £
Alt + 0128   €
```

Inapogoma, sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kutumia namba za mstari wa juu, zilizo juu ya herufi. Kwa macho, 1 ni 1, lakini kila kitufe hutuma ishara yake kwa kompyuta, na Windows husikiliza zile za upande wa kulia tu. Kwenye Word mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu Alt na namba ya juu ni njia ya mkato ya kubonyeza vitufe vidogo vilivyo juu kabisa ya dirisha. Mtu anatafuta kiduara, Word inahifadhi faili au inafuta alichoandika mwisho.

Ya pili ni kusahau kuwasha Num Lock. Ikiwa imezimwa, kitufe cha 4 upande wa kulia hugeuka kuwa mshale wa kushoto, na kwenye kivinjari Alt pamoja na mshale huo maana yake ni kurudi ukurasa uliopita. Aliyekuwa anajaza fomu ndefu ya maombi anaweza kujikuta amerudishwa nyuma na fomu ni tupu.

Hayo yote yanadhani kwamba vitufe vya kulia vipo. Laptopu nyingi, hasa ndogo, hazina kabisa.

Kabla ya kukata tamaa, itazame kibodi kwa karibu. Kwenye baadhi ya laptopu za zamani kuna namba ndogo, mara nyingi za rangi tofauti, zilizochapwa kwenye ubavu wa herufi: U, I na O zina 4, 5 na 6, J, K na L zina 1, 2 na 3, M ina 0, huku 7, 8 na 9 zikibaki mahali pake. Hizo ni vitufe vya namba vilivyofichwa. Huwashwa kwa Num Lock, ambayo kwa kawaida hubonyezwa pamoja na Fn. Baada ya hapo, 0176 hupigwa kwa kushika Alt na kugonga M, J, 7, O. Ukimaliza, zima. Asiyezima huandika “kilo” na kuona 2536, kisha humwita fundi kuja kutibu kibodi ambayo haina ugonjwa.

Laptopu mpya nyingi zimeondoa hata hilo. Kwa mwenye Windows 10 ya kuanzia toleo la 1903 au Windows 11, njia nyepesi ni kushika kitufe cha Windows na kubonyeza nukta. Hufunguka kidirisha ambacho wengi wanakijua kwa vikatuni vya kucheka na kulia, lakini kina pia sehemu ya alama: za fedha, za hesabu, na herufi zenye vikorombwezo. Unabofya, alama inaingia pale kielekezi kilipo, na zile ulizotumia karibuni huwekwa karibu. Mtu anayehitaji € mara mbili kwa wiki hana haja ya kitu kingine.

Anayefanya kazi zaidi ndani ya Word ana njia ya haraka kuliko hiyo. Andika msimbo wa alama kwa herufi na namba za kawaida, kisha bonyeza Alt na X. Kiduara ni 00B0. Uzuri wa njia hii ni kwamba haiishii kwenye zile alama 256. Chukua jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Herufi ũ na ĩ za Kikuyu hazimo kwenye orodha ya zamani wala kwenye orodha ya Windows ya Ulaya Magharibi. Aliyeona kwamba ĩ ni namba 297 na kupiga Alt na 0297 kwenye Notepad ya Windows 10 hupata mabano ya kufunga, kwa kuwa programu hutoa 256 na kubaki na 41. Kwenye Word mambo ni laini:

```
Ng0169   kisha Alt + X   →  Ngũ
Ngũg0129 kisha Alt + X   →  Ngũgĩ
```

Mtego wake ni mmoja. Word husoma kurudi nyuma kuanzia kielekezi, na huchukua kila namba inayoikuta pamoja na herufi A hadi F, kwa sababu misimbo hii huandikwa kwa hizo. Ukiandika 2 na kuunganisha 00B0 bila nafasi, itasoma 200B0, na badala ya nyuzi utapata herufi ya Kichina isiyojulikana na wengi. Weka nafasi kati ya namba na msimbo, au chagua msimbo peke yake kabla ya kubonyeza Alt na X.

Wapo watakaoshauriwa kubadili mpangilio wa kibodi uwe United States-International, unaopatikana kwenye mipangilio ya lugha. Kwa anayeandika Kifaransa kila siku, tuseme barua za Bujumbura au Lubumbashi, ni mpangilio mzuri sana: alama ya ritifaa ikifuatwa na e hutoa é, na Alt ya kulia pamoja na 5 hutoa €. Kiduara kipo pia, kwa Alt ya kulia, Shift na kitufe cha nukta-mkato.

Kwa Kiswahili mpangilio huu una kero yake, na washauri wengi hawaisemi. Ritifaa haitokei mara moja. Inasubiri herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu inaikalia kichwani. Ng'ombe anakuwa ngómbe, kung'aa inakuwa kungáa, ng'e anakuwa ngé. Dawa ni kugonga nafasi baada ya ritifaa ndipo irabu ifuate, jambo ambalo vidole vilivyozoea haraka huchukua muda kulikubali. Aliye na kazi za lugha zote mbili afadhali abaki na mipangilio miwili na kuhama kati yake kwa kitufe cha Windows pamoja na nafasi.

Vipo pia vitufe vya namba vinavyouzwa peke yake, vya kuchomeka kwenye tundu la USB. Hufanya kazi sawa na vya kibodi kubwa, na kwa mhasibu anayeingiza tarakimu siku nzima vinafaa. Kwa ajili ya alama peke yake si lazima: kama laptopu yako haina vitufe vya kulia, anza na kitufe cha Windows na nukta, na ukiwa ndani ya Word tumia Alt na X.