Mwalimu Aliyefilisika na Wadhamini Wake Watatu

Mwalimu mmoja wa Nakuru, wa kubuni lakini mwenye wenzake wengi Kenya, alifungua duka la vifaa vya ujenzi likamfia mkononi. Anadaiwa shilingi milioni 2. Kati ya hizo, 700,000 ni za mfanyabiashara wa jumla ambaye tayari ana hukumu ya mahakama, 500,000 ni mkopo ulioshikiliwa na kitabu cha gari lake, na 800,000 ni za Sacco, ambako wafanyakazi wenzake watatu walimwekea sahihi za udhamini.

Kinachomnyima usingizi ni ile hukumu. Mwenye deni akishashinda kesi anaweza kumtuma dalali achukue mali, au aombe mdaiwa apelekwe kifungo cha madai, ambacho kinaweza kufika miezi 6. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome alisema kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa deni la mkataba kunakiuka mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia. Miaka miwili baadaye Jaji David Majanja akaona kifungo hicho si haramu chenyewe, mradi taratibu za kumlinda mdaiwa zifuatwe. Kwa hiyo hofu ya mwalimu ina msingi.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamruhusu kwenda Mahakama Kuu mwenyewe na kuomba atangazwe muflisi. Haendi mikono mitupu. Anaorodhesha kila mali, kila deni na kila chanzo cha mapato, na jaji anaangalia kama kweli hawezi kulipa au anamkwepa mdai mmoja aliyemshinda kortini. Maombi ya namna hiyo ya pili hutupwa.

Amri ikitolewa, mfanyabiashara wa jumla hawezi tena kuendelea kumkaba kwa hukumu yake. Anajiunga na foleni ya wadai kwa mdhamini wa ufilisi, ambaye mara nyingi ni Mpokezi Rasmi wa serikali, na kusubiri fungu lake. Simu za vitisho na madalali mlangoni, kwa madeni ya aina hiyo, ndipo vinapokoma.

Gharama yake ni kubwa. Mali ya mwalimu inakuwa chini ya mdhamini wa ufilisi, isipokuwa vyombo vya nyumbani na zana za kazi kwa kiasi cha kawaida. Gharama za ufilisi wenyewe hulipwa kwanza, kabla ya wadai kuona senti. Akirithi shamba kabla ya kuachiliwa, nalo linaingia humo. Kiwanja alichomwandikia kaka yake mwaka jana bila malipo kinaweza kurudishwa, kwa sababu sheria hutazama nyuma. Hasafiri nje ya nchi bila idhini, haongozi kampuni, na Katiba inamzuia kugombea ubunge au uwakilishi wa wadi maadamu hajaachiliwa. Jina lake pia linaingia katika daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua.

Kuachiliwa huja baada ya miaka 3, asipotokea wa kupinga. Hapa wengi huteleza: miaka hiyo haianzi siku ya amri ya mahakama. Inaanza siku muflisi anapowasilisha taarifa kamili ya hali yake ya kifedha kwa mdhamini wa ufilisi. Akikaa nayo mwaka mzima mezani, ameongeza mwaka mzima wa ufilisi kwa mkono wake. Na hata akiachiliwa, deni alilolipata kwa udanganyifu na matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama humfuata.

Sasa kuna wale wawili walio nje ya kinga. Mwenye kitabu cha gari hana haja ya foleni: gari ndilo dhamana yake, naye analichukua na kuliuza. Sacco nayo inaanza na akiba ya mwalimu mwenyewe, tuseme 270,000. Zinabaki 530,000, na kwa hizo inawageukia wadhamini watatu. Ufilisi wa mkopaji hauwaondolei wadhamini wajibu wao. Hili ndilo jambo ambalo mtu anayetia sahihi fomu ya Sacco dirishani, huku mwenzake akimsubiri, angepaswa kuambiwa kwa sauti.

Wakigawana sawa, kila mmoja anabeba karibu 176,700. Wanaweza kumdai mwalimu katika ufilisi na kusubiri fungu lao kama wadai wengine, lakini kisicholipwa humo kinafutika siku anapoachiliwa. Sacco ikiwakata mishahara kwa miezi 48 bila riba, ni takriban 3,680 kila mwezi kwa kila mmoja. Mwalimu anaweza kumaliza miaka yake 3 na kuwa huru kukopa tena, huku wenzake wa chumba kile kile cha walimu wakibakiza mwaka mzima wa makato.