Betri tatu, harusi moja: Jinsi ya kufika hadi keki bila kamera kuzimika

Padri ameinua pete. Kamera yako inawaka alama nyekundu, halafu kioo kinakuwa cheusi. Unaingiza mkono mfukoni, unatoa betri, unabadilisha upesi, unawasha. Asilimia mbili. Kumbe umerudisha ile uliyoitoa asubuhi! Mimi yamenikuta hayo, na pete haivalishwi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.

Tuchukue harusi ya kawaida ya Jumamosi. Unaanza saa 11 alfajiri kwa kina bibi harusi na kumaliza saa 3 usiku. Una Sony A7 III, betri tatu aina ya NP-FZ100, chaja ya USB na pawabenki ya mAh 20,000. Vifaa hivyo vinatosha, mradi uvizungushe vizuri.

Kwanza, andika 1, 2 na 3 kwenye betri kwa kalamu ya wino usiofutika. Halafu mifuko: iliyojaa inakaa kushoto, iliyotumika kulia. Usibadilishe utaratibu huo hata ukiwa na haraka kiasi gani, kwa sababu kwa macho betri tupu na iliyojaa ni pacha.

Kosa la wengi ni kungoja betri ife ndipo waibadilishe. Saa 4 asubuhi ukiingia kanisani, namba 1 pengine imebaki asilimia 35. Itoe. Ndiyo, ingali na uhai, lakini ibada itachukua saa mbili na zaidi na hakuna atakayekusubiri. Weka namba 2, na hapo hapo namba 1 iende kwenye chaja iliyounganishwa na pawabenki ndani ya begi. Chaja inachukua takribani saa mbili na nusu kujaza betri iliyokwisha kabisa, kwa hivyo ukingoja hadi jioni ndipo uanze kuchaji, umechelewa.

Ibada ikiisha, namba 1 imejaa. Namba 2 iliyobaki asilimia 20 inachukua nafasi yake kwenye chaja, nawe unaendelea na namba 3 kwa picha za familia na chakula. Ikifika saa 10 jioni, namba 3 imebaki asilimia 10. Namba 1 inaingia kwenye kamera, namba 3 inaenda kuchajiwa, na namba 2 iko mfuko wa kushoto, tayari kwa keki na densi.

Chaja nyingi zina nafasi mbili. Zinavutia, lakini zikitumia pawabenki, betri mbili hugawana umeme uleule. Saa mbili baadaye una nusu mbili, wakati ungeweza kuwa na moja inayokaribia kujaa. Chaji moja moja.

Je, pawabenki itatosha? Ile mAh 20,000 huhesabiwa kwa volti 3.7, yaani Wh 74. Nyingine hupotea njiani kama joto, ukabaki na kama Wh 60. Betri moja ya NP-FZ100 ni Wh 16.4. Siku yetu inarudisha asilimia 65, kisha 80, kisha 90, jumla kama Wh 39 ndani ya betri. Ongeza kinachopotea kwenye chaja, umetumia karibu 48. Kinachobaki ni cha simu yako, si cha simu ya shangazi wa bwana harusi aliyeona waya.

Pawabenki yenyewe ikichajiwa kwa adapta ndogo ya wati 10 inaweza kuchukua saa tisa au kumi. Ukikumbuka Ijumaa saa 6 usiku, imekula kwako. Jambo jingine la kupima nyumbani: pawabenki nyingine hujizima zikiona umeme unaovutwa ni kidogo. Chomeka chaja, rudi baada ya nusu saa, tazama kama taa bado inawaka.

Kuna soketi ukumbini? Itumie, ila uione ulipo. Ile ekstensheni ya dijei ina wenyewe, na mtu atachomoa chaja yako aweke simu bila kukuuliza.

Unaweza pia kuunganisha pawabenki moja kwa moja na kamera, ukiwasha `USB Power Supply` kwenye menyu na betri ikiwa ndani. Lakini betri hiyo haijai wakati kamera imewashwa. Huchaji ikiwa imezimwa tu. Mimi huacha njia hii kwa kamera iliyosimama kwenye tripodi. Ukitembea na waya unaoning'inia katikati ya watu wanaocheza, mmoja ataukwaa, na tundu la USB likivunjika hasara ni kubwa kuliko bei ya betri ya nne.

Zile namba zina kazi nyingine. Baada ya harusi kadhaa utagundua, kwa mfano, kwamba namba 3 huisha mapema kuliko wenzake kwa kazi ileile. Imechoka. Usiitupe bado, ipe zamu ya alfajiri, bibi harusi akipakwa vipodozi, maana pale una muda wa kubadilisha bila presha.