Nywele Zako Zinanyonya Maji Kiasi Gani? Usiiulize Glasi

Kipimo cha nywele kinachopendwa kuliko vyote ni cha glasi. Unadondosha unywele mmoja kwenye maji, unasubiri dakika chache, kisha unasoma jibu: ukielea, nywele zako zinakataa maji, ukizama, zinanyonya kupita kiasi. Hakina gharama, ila mara nyingi kinadanganya. Unywele ni mzito kuliko maji ya ujazo uleule, kwa hiyo kwa uzito wake ungezama, uwe mzima au umeharibika. Kinachoubeba ni uso wa maji, kikisaidiwa na mafuta yaliyobaki na vipovu vya hewa vinavyonasa kwenye mikunjo. Ukiusukuma kwa kidole huenda usirudi juu tena, na hapo glasi imekwisha kubadili jibu lake.

Kila unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa, yakielekea nchani. Juu yake kuna utando mwembamba sana wa mafuta ya asili yaliyoshikamana na unywele wenyewe. Magamba yakilala vizuri na utando ukiwepo, maji huingia polepole na hutoka polepole. Dawa ya kulainisha nywele na blichi huondoa utando huo na kuyainua magamba. Pasi ya nywele, jua na chanuo navyo humalizia kidogo kidogo. Kwa kuwa nywele hukua kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, ncha ya unywele wa sentimita 30 imeishi zaidi ya miaka 2 ya misukosuko hiyo, wakati shina lake ni la juzi tu. Ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuwa na majibu mawili.

Kipimo ninachokiamini zaidi kinafanyika kichwani penyewe. Osha nywele kwa shampuu, suuza, usitie kondishena wala mafuta, uache zikauke kabisa. Chukua fungu moja na ulipulizie maji ya kawaida kwa chupa ya kupulizia, kwanza karibu na ngozi, kisha katikati, kisha nchani. Matone yakibaki juu yanang'aa kwa dakika kadhaa, hapo nywele hunyonya kidogo. Yakizama papo hapo na nywele kulegea, hapo hunyonya sana. Halafu lilowanishe fungu lote, uliache bila drayer, uangalie sehemu ipi inatangulia kukauka. Jilinganishe na wewe mwenyewe, si na jirani, kwa sababu kichwa chenye nywele nyingi huchelewa kukauka hata kama magamba yake yameharibika.

Mtego mmoja ni kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi pamoja na sabuni ya kipande. Sabuni hiyo hushikana na madini ya maji ikaacha utando wa kijivu unaonata, na matone hukaa juu yake hata kwenye nywele zilizochoka. Ukiona povu halitoki vizuri na nywele zina utandu, rudia kuosha kwa shampuu na maji ya mvua kabla ya kupima.

Tumchukue dada aliyeacha dawa miezi 10 iliyopita. Ana takriban sentimita 10 za nywele asilia, na baada ya hapo nywele za dawa. Akipuliza maji, matone yanabaki kwenye nywele mpya lakini nchani yanazama mara moja, na ncha ndizo zinazotangulia kukauka. Nywele zake mpya zinahitaji maji ya uvuguvugu na kondishena nyepesi, akivaa kofia ya plastiki dakika 15 hadi 20 ili joto lisaidie. Mafuta mazito yakitangulia hapo hukaa juu tu na kuyazuia maji.

Ncha anazitunza kinyume. Saa moja au zaidi kabla ya kuosha, azipake mafuta ya nazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na watafiti wa India ulionyesha kwamba mafuta hayo hupunguza upotevu wa protini ya nywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakulifanya. Yale ya nazi hupenya ndani ya unywele, hivyo maji yanayoingia wakati wa kuosha hupungua. Shampuu aisugulie kwenye ngozi ya kichwa tu. Povu linaloteremka linatosha kwa ncha. Kondishena iende nchani kwa wingi, na achane kwa chanuo pana ikiwa bado kichwani, maana nywele zilizoharibika zikilowa huvutika na kukatika. Mwisho apake mafuta kidogo nywele zikiwa bado mbichi. Mafuta hayaleti unyevu, yanauchelewesha tu kutoka.

Hakuna kondishena inayorudisha magamba yaliyokwisha kung'oka. Hulainisha mpaka kuosha kunakofuata, basi. Ncha zilizochanika zikatwe. Na kama nywele zinang'oka tangu mzizini, au ngozi ya kichwa inauma, usipoteze muda kupuliza maji: nenda kwa daktari wa ngozi.