Vikundi Vitano, Maneno 27: Lini Kipimo cha t, Lini Anova

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Mwingereza Michael Eysenck alichapisha utafiti kuhusu kumbukumbu za watu wazima na vijana. Kila mshiriki alipitia orodha ya maneno 27, kisha akatakiwa kuandika yote aliyoyakumbuka. Kilichotofautisha vikundi ni kazi waliyopewa wakati wa kusoma. Kikundi cha kwanza kilihesabu herufi za kila neno. Cha pili kilitafuta neno lenye vina sawa na hilo lililosomwa. Cha tatu kilitaja kivumishi kinacholifaa, na cha nne kilijenga picha yake akilini. Hao wote hawakuambiwa kwamba wataulizwa maneno hayo baadaye. Kikundi cha tano peke yake ndicho kilichoambiwa wazi kikariri.

Kwa washiriki wa miaka 55 hadi 65, kumi katika kila kikundi, wastani wa maneno yaliyokumbukwa ulikuwa 7.0 kwa waliohesabu herufi, 6.9 kwa waliotafuta vina, 11.0 kwa waliotaja kivumishi, 13.4 kwa waliojenga picha na 12.0 kwa waliokariri. Ukitazama tu, utasema waliofikiri maana ya neno wamewashinda walioishia kwenye herufi na sauti. Lakini watu kumi ni wachache, na hata vikundi viwili vilivyofanya kazi ileile havitatoa wastani unaolingana kabisa. Je, tofauti hizi zinazidi zile ambazo bahati peke yake ingeleta?

Mtu aliyesoma kipimo cha t atakikimbilia. Kipimo hicho kilibuniwa na William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyehitaji kufikia uamuzi kwa sampuli ndogo. Alikichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia la Student. Kinachukua tofauti ya wastani mbili na kuigawa kwa kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati. Kati ya waliojenga picha na waliohesabu herufi tofauti ni maneno 6.4, na kiasi cha kuyumba ni takribani 1.54, hivyo t ni 4.17. Hiyo ni kubwa. Kama Eysenck angekuwa na vikundi hivyo viwili tu, kazi ingeishia hapo.

Anavyo vitano, na vitano vinatoa jozi kumi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu kazi zao: wanafanya vipimo vya t kumi na kuripoti vile vilivyotoa matokeo mazuri. Kila kipimo kimeruhusiwa kukosea mara 5 katika 100, yaani kutangaza tofauti mahali ambapo haipo. Vipimo kumi visivyohusiana vingefikisha uwezekano wa kukosea angalau mara moja karibu asilimia 40. Jozi za Eysenck zinahusiana, kwa kuwa kila kikundi kinaingia katika jozi nne, kwa hiyo hatari inapungua kidogo. Hata hivyo inabaki mara kadhaa ya ile asilimia 5 ambayo mtafiti anadhani ameikubali. Msomaji wa ripoti hawezi kuiona hatari hiyo iwapo ameonyeshwa jozi zilizofaulu tu.

Anova, njia iliyojengwa na Ronald Fisher katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, inauliza swali moja kwa vikundi vyote kwa pamoja: je, wastani wa vikundi umeachana kuliko tunavyotarajia tukiangalia jinsi watu wa kikundi kimoja wanavyotofautiana wao kwa wao? Inapima mtawanyiko wa aina mbili. Katika takwimu zinazofundishwa na David Howell, alizozitengeneza ziwe na wastani na mtawanyiko uleule wa Eysenck, mtawanyiko kati ya vikundi ni 87.88 na ule wa ndani ya vikundi ni 9.67. Gawa wa kwanza kwa wa pili, upate F ya 9.08. Kwa vikundi vitano na watu 50, F inayozidi takribani 2.6 tayari inatosha kwa kiwango cha asilimia 5.

Njia hizi mbili si wapinzani. Vikundi vikiwa viwili, na mtawanyiko ukichukuliwa kuwa sawa, F ni t iliyozidishwa kwa yenyewe: 4.17 mara 4.17 ni 17.4, na anova ya waliojenga picha na waliohesabu herufi inatoa namba hiyohiyo. Hivyo kwa vikundi viwili hakuna cha kugombania. Uchaguzi unakuwa na maana kuanzia kikundi cha tatu.

Hata hivyo F ya 9.08 haisemi nani kamshinda nani. Inasema tu kwamba si wastani zote zinazolingana. Baada yake kinahitajika kipimo kinacholinganisha jozi huku kikizuia hatari kuongezeka, na kilichozoeleka ni cha Tukey. Kwa takwimu hizi, kinadai tofauti ya takribani maneno 3.95 kabla ya kuikubali jozi. Vikundi vitatu vya maana vinavipita viwili vya juujuu, ingawa kivumishi dhidi ya kuhesabu, yenye tofauti ya 4.0, inapita kwa unywele tu. Picha, kukariri na kivumishi havitenganishwi, wala kuhesabu na vina. Kwamba 13.4 ni kubwa kuliko 12.0 hakumpi mtu ruhusa ya kudai kuwa picha inashinda kukariri.

Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo idadi ya vikundi hailijibu: je, ni watu walewale? Kama kila mshiriki angefanya kazi zote tano, alama zake tano zingeshikamana, kwa sababu mwenye kumbukumbu nzuri atakuwa juu kila mahali. Hapo panatakiwa anova ya vipimo vilivyorudiwa, na kwa hali mbili, kipimo cha t cha jozi.

Lipo pia suala la mtawanyiko wenyewe. Variansi ya waliohesabu herufi ni 3.33, ya waliojenga picha ni 20.27, mara sita zaidi, wakati anova ya kawaida inadhani zote zinalingana. Dawa ni njia ya Welch, isiyohitaji dhana hiyo. Kwa kipimo cha t kati ya vikundi hivyo viwili, t inabaki 4.17 kwa kuwa idadi ya watu ni sawa, lakini digrii za uhuru, yaani kiasi cha taarifa kinachotegemewa, zinashuka kutoka 18 hadi karibu 12. Katika programu ya R, amri mbili za kwanza hapa hutumia Welch zenyewe, ila ya tatu inadhani usawa:

```r
t.test(maneno ~ kikundi, data = wawili)
oneway.test(maneno ~ kikundi, data = wote)
m <- aov(maneno ~ factor(kikundi), data = wote)
TukeyHSD(m)
```

Neno `factor` katika mstari wa tatu lina kazi kubwa. Vikundi vikiandikwa 1 hadi 5 bila neno hilo, R inavichukua kama namba za kawaida na kutafuta mstari ulionyooka unaopanda kutoka 1 hadi 5, wala haitoi onyo lolote kwenye `aov`. Dalili iko kwenye jedwali la matokeo, safu ya `Df`: kwa vikundi vitano inapaswa kusoma 4, na ikisoma 1, kilichopimwa si vikundi.