Agoni ya Olduvai: Kiini Kimoja, Njia Mbili

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai. Mumewe, Louis, alikisia kuwa lina miaka kama 600,000. Mwaka 1961 Garniss Curtis na Jack Evernden, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, walipima jivu la volkano lililokuwa pamoja na tabaka lile wakapata miaka milioni 1.75. Walichopima ni gesi ya agoni iliyofungika ndani ya fuwele za jivu hilo. Hesabu yao ina kona moja ambayo mwenye haraka huipita asiione.

Agoni hiyo hutokana na potasiamu-40, aina adimu ya potasiamu ambayo kiini chake si imara. Kiini hiki kina njia mbili za kuvunjika. Mara nyingi hutupa elektroni, mionzi iitwayo beta, kikawa kalisi-40. Mara chache humeza elektroni moja ya atomu yake mwenyewe, kikawa agoni-40, na karibu kila kinapofanya hivyo hufuatia mwale wa gama. Hakuna ajuaye kiini fulani kitashika njia ipi. Kila njia ina uwezekano wake kwa mwaka, nao ndio kidhabiti cha kuoza cha njia hiyo. Vidhabiti hivyo viwili hujumlishwa.

Tuvitafute kwa kupima. Gramu moja ya potasiamu ya kawaida ina atomu za potasiamu-40 zipatazo 1.8 × 10¹⁸. Kifaa cha kuhesabia mionzi, kikishasahihishwa kwa ile inayokipita bila kuonekana, huonyesha miozo ya beta 28.3 kwa sekunde, na mimezo ya elektroni 3.3. Mwaka una sekunde kama milioni 31.6. Tukizidisha, kisha tukagawa kwa idadi ya atomu, tunapata:

```
beta:   4.96 × 10⁻¹⁰ kwa mwaka
mmezo:  0.58 × 10⁻¹⁰ kwa mwaka
jumla:  5.54 × 10⁻¹⁰ kwa mwaka
nusu uhai = 0.693 ÷ (5.54 × 10⁻¹⁰) = miaka bilioni 1.25
```

Hiyo 0.693 ni logi asilia ya 2. Huingia kwa sababu tunauliza lini itabaki nusu. Uwiano wa matawi ni kidhabiti cha njia moja kugawanywa kwa jumla: 0.58 kwa 5.54, yaani asilimia 10.5 huenda kwenye agoni, na 89.5 iliyobaki huenda kwenye kalisi.

Hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Ukigawa 0.693 kwa kidhabiti cha mmezo peke yake unapata miaka bilioni 12, na kwa kile cha beta bilioni 1.4. Mtu hushawishika kuchukua wastani wa hizo mbili. Lakini maji yanayotoka kwenye pipa lenye matundu mawili huisha mapema kuliko kama pangekuwa na tundu moja, hata likiwa lile kubwa; vivyo hivyo nusu uhai wa kweli lazima uwe mfupi kuliko zote mbili. Jibu lako likizidi bilioni 1.4, ujue umekosea.

Sasa turudi Olduvai. Lava inapoyeyuka agoni ya zamani hutoroka, na saa huanza upya fuwele zinapoganda. Kwa muda mfupi kama huu ukilinganishwa na nusu uhai, unagawa tu idadi ya agoni kwa idadi ya potasiamu-40, kisha unagawa kwa kidhabiti cha mmezo. Katika miaka milioni 1.75, kati ya atomu 100,000 za potasiamu-40 zimevunjika kama 97: 87 zimekuwa kalisi, 10 tu zimekuwa agoni. Hizo 87 hazitusaidii, kwa kuwa miamba imejaa kalisi-40 ya kawaida na huwezi kuzitofautisha.

Mpimaji aliyesahau matawi atadhani hizo 10 ndizo zote zilizovunjika. Atagawa kwa 5.54 badala ya 0.58, na Zinjanthropus atabaki na miaka kama 180,000. Kibaya zaidi, kosa hili halijifichui lenyewe kwa kurudia kipimo, maana kila sampuli itapunguzwa mara tisa unusu vilevile. Agoni iliyovuja nayo hupunguza umri, na fuwele kongwe zilizochanganyika na jivu huuongeza. Lakini hayo huonekana, kwa sababu sampuli hukataa kukubaliana.

Msomaji mwenye kikokotoo ajaribu hii: agoni 21 kwa kila potasiamu-40 laki moja. Ukipata miaka milioni 3.6 umepatia, na huo ndio umri wa nyayo za Laetoli.