Simu ni ya wote, siri si ya wote

MSOMAJI, hebu fikiria jioni moja mjini Lodwar. Jua limeshaanza kuzama, joto linapungua, na watu wa nyumbani wameketi nje kwenye mkeka wa mkoma. Simu ya kisasa pale nyumbani ni moja tu. Ni ya mama, lakini mtoto wa darasa la sita huitumia kwa kazi ya shule, shemeji huiomba apige simu Kalokol kuulizia bei ya samaki, na binti mkubwa huichukua atazame picha. Nambari ya kuifungua wanaijua wote, hata jirani.

Mama huyu, ambaye ni mfano wetu leo, ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Serikali ilizindua rasmi mpango wa kuwatuma wahamasishaji wapatao 100,000 kote nchini mnamo Septemba 2023. Kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba, kuwapima watoto, kuwakumbusha wajawazito siku ya kliniki na kuwafuatilia wanaotumia dawa za kila siku. Majirani hawangoji azuru. Humwandikia kwa WhatsApp kwenye simu yake binafsi, na wakati mwingine humwandikia mambo ambayo hata waume na mama zao hawayajui.

"Shemeji, nisaidie simu kidogo nipige mara moja."

"Chukua, lakini usikae nayo, chaji ni kidogo."

Shemeji anabonyeza, na wakati huo huo ujumbe unaingia. Juu ya kioo linatokea jina la msichana wa nyumba ya tatu na maneno matatu ya kwanza: "Dawa zimeisha, mama..." Shemeji hana nia mbaya. Hakupekua kitu. Lakini ameshaona, na kisichopaswa kujulikana kimejulikana.

Utaona hapa kwamba siri iliyotoboka si ya mama. Ni amana aliyowekewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo huhesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti. Mama afanyeje basi, ilhali hawezi kuwanyima jamaa zake simu?

Kufuli na ufunguo wake

Watu wengi hudhani kwamba jawabu ni kubadilisha nambari ya kufungua simu. Katika nyumba kama hii haitafaa. Kesho mtoto atataka kazi ya shule, naye mama yuko kisimani. Atapewa nambari mpya, na kabla ya juma kwisha itakuwa imerudi kwa wote.

Jawabu lililo bora ni kuiacha simu wazi na kufunga chumba kimoja tu ndani yake. Mnamo Mei 2023 WhatsApp ilileta kufuli la gumzo moja moja. Unabonyeza jina la mtu kwenye orodha ya magumzo bila kuachilia kidole, unagusa vitone vitatu pembeni, halafu unachagua "Lock chat". Gumzo hilo linatoka kwenye orodha na kuingia kwenye folda iitwayo "Locked chats".

Lakini hapa ndipo wengi hujidanganya. Kufuli hilo, likiachwa hivyo, hufunguliwa kwa ufunguo ule ule wa simu: nambari ile ile, au kidole kile kile. Kwa mtu ambaye simu yake ni yake peke yake, hilo latosha. Kwa mama wetu, ambaye nambari yake inajulikana na mtaa mzima na ambaye kidole cha binti yake kimesajiliwa katika simu hiyo hiyo, ni sawa na kufunga mlango na kuuning'iniza ufunguo kwenye msumari wa nje. Tena folda yenyewe huonekana mtu akivuta orodha ya magumzo kwenda chini, ikimwambia kila mpita njia kwamba humu mna kitu.

Kwa sababu hiyo WhatsApp iliongeza msimbo wa pekee mnamo Novemba mwaka huo huo wa 2023. Fuata nami hatua hizi, msomaji, ukiwa na simu yako mkononi.

Kwanza, vuta orodha ya magumzo chini, ufungue folda ya "Locked chats". Pili, gusa vitone vitatu, uchague "Chat lock settings", halafu "Secret code". Tatu, andika msimbo wako mara mbili. Waweza kuwa na tarakimu, herufi au hata vikaragosi, lakini usiwe ule wa kufungulia simu. Nne, na hii ndiyo hatua inayosahauliwa, washa "Hide locked chats". Usipoiwasha, folda itabaki pale pale ikionekana, na msimbo wako hautakuwa umeficha chochote.

Baada ya hapo folda haionekani tena. Mama akitaka kusoma ujumbe wa msichana yule, anakwenda kwenye nafasi ya kutafuta iliyo juu ya orodha, anaandika msimbo wake, na folda inajitokeza. Akitoka, inajificha tena.

Ijaribu kabla ya kuiamini

Usiridhike na kufuata hatua tu. Mwombe mtu wa nyumbani aketi nawe, mpe simu, umwambie alitafute gumzo ulilolifunga. Na aandike jina la mhusika kwenye nafasi ya kutafuta, avute orodha chini, aingie kwenye majina ya simu na kugusa jina lile. Akishindwa kulisoma, umefaulu. Akilisoma, basi kuna hatua uliyoiruka, na ni afadhali uijue leo.

Kuna mambo machache ambayo kufuli hili haliyafanyi, na ni lazima uyajue. Ujumbe mpya ukiingia kwenye gumzo lililofungwa, tangazo litasema tu kwamba kuna ujumbe, bila jina wala maneno. Hapo shemeji hataona kitu. Lakini mhusika akipiga simu kwa WhatsApp, simu italia kama kawaida. Na picha zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye hazina ya picha kabla ya kufunga hubaki huko mpaka uzifute kwa mkono wako.

Jingine ni kwamba msimbo huandikwa mahali pa kutafuta, ambapo kila herufi inaonekana wazi. Aliyeketi begani mwako atausoma. Chagua mahali na wakati wa kuuandika. Na usitumie neno la kawaida, kwa kuwa kibodi ya simu inaweza kulikariri na kulipendekeza kwa mtu mwingine anapoandika.

Na je, ukiusahau? Hakuna wa kukukumbusha. Njia iliyobaki ni kuingia kwenye "Settings", "Privacy", kisha "Chat lock", na kuchagua "Unlock and clear". Hiyo hufungua kufuli lakini hufuta jumbe zote zilizokuwa ndani. Maana yake ni kwamba mtoto mtundu mwenye nambari ya simu anaweza kukufutia, ijapokuwa hawezi kukusomea. Miadi ya mgonjwa isiishie humo tu. Iandike kwenye daftari, kwa alama unazozielewa wewe.

Arafa za kawaida

WhatsApp ikishafungwa, bado kuna arafa za kawaida. Hapa ndipo zinapoingia jumbe za M-PESA zenye salio lako, na pengine makumbusho ya kliniki. Watu hudhani nambari ya siri ya M-PESA huficha kila kitu. La hasha. Huzuia fedha kutolewa, bali haizuii mtu kusoma salio kwenye ujumbe wa mwisho uliopokea.

Simu nyingi za Tecno, Infinix na Redmi zina kufuli la programu ndani ya mipangilio yake, na huitwa "App Lock". Unachagua programu ya arafa, unaipa nambari yake tofauti, basi. Samsung nyingi zina "Secure Folder", lakini hiyo haifungi arafa za kawaida. Tumia kufuli lililokuja na simu. Yale ya kupakua aghalabu hujaa matangazo, na aliyeishika simu anaweza kuyaondoa yakatoweka pamoja na ulinzi wake. Kisha nenda kwenye mipangilio ya matangazo ukayazuie maneno ya arafa yasionekane juu ya kioo. Bila hivyo umefunga sanduku na kuiacha barua juu ya kifuniko.

Kakuma, ambako simu si yako

Safiri sasa kilomita zipatazo 120 kaskazini magharibi hadi Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliyofuata mwaka wa 2016. Huko tatizo hugeuka. Wako watu wengi wenye laini lakini wasio na simu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanzisha Bamba Chakula mwaka wa 2015, lilitoa laini kwa kila kaya ili fedha za chakula zipitie humo. Wapo walioiacha laini na nambari yake ya siri kwa mwenye duka kama rehani ya chakula cha mkopo. Mtu akikosa simu, huingiza laini yake kwenye ya jirani.

Sasa, msomaji, zingatia jambo hili. Ukifungua WhatsApp yako kwenye simu ya jirani, kisha ukatoa laini yako na kwenda zako, WhatsApp haitoki nawe. Inabaki ikifanya kazi, na jumbe za jamaa zako wa Juba au Bujumbura zinaendelea kuingia mkononi mwa mwingine. Kufunga gumzo kwa nambari ya simu ile hakukusaidii kitu, maana nambari ni ya mwenye simu na kidole ni chake. Msimbo wa pekee peke yake ndio ulio wako. Hata huo hauzuii kufutiwa. Kwa simu ya kuazima, la hakika zaidi ni kufuta mazungumzo kabla ya kuirudisha, au kuyasubiri mpaka mwonane.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa nyumba ambamo kufuli likigunduliwa litaleta ngumi. Mwanamke aliye katika hali hiyo asiambiwe afiche. Akigundulika na folda iliyofungwa, ataulizwa afungue, na hakuna msimbo unaoshinda kipigo. Kwake ni bora ujumbe usiwepo kabisa.

Lakini kwa mama wetu wa Lodwar, kufuli halina haja ya kufichwa. Jioni ile ile aliwaita watu wake akawaambia: "Simu ni yetu, tumieni. Lakini humu mna habari za wagonjwa, na hizo nimezifunga. Nikipatwa na jambo, mpelekeeni simu msimamizi wangu wa kituo cha afya." Shemeji aliitikia kwa kichwa, akaomba simu apige tena Kalokol. Alipewa.