Vidole Vizito, Miguu Mizito: Tatizo Liko Shingoni

Mtu wa makamo anayeanza kuhangaika na vifungo vya shati huambiwa mengi kabla hajaulizwa habari za shingo. Wa kwanza atamwambia ni uzee, wa pili ni sukari, wa tatu ni mishipa ya mkono, na hatakosekana wa kumnong'oneza kwamba pana mkono wa mtu. Atanunua vitamini B, atachuliwa, ataendelea na kazi. Uchunguzi uliofanywa Israel na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wagonjwa wa aina hii walikaa kwa wastani zaidi ya miaka miwili tangu dalili ya kwanza mpaka ugonjwa wao ulipojulikana. Kwa ugonjwa huu miaka miwili ni mingi mno, kwa sababu kinachoharibika humo hakirudi chote.

Madaktari wanauita mailopathi ya shingo itokanayo na uchakavu. Ndani ya pingili za shingo umepita mfereji, na ndani ya mfereji huo umelala uti wa mgongo, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni na kurudisha hisia. Kwa mtu mzima mfereji wa shingo huwa na nafasi ya milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na uti wenyewe huchukua kama nusu ya nafasi hiyo. Umri unaposogea, diski zilizo kati ya pingili hukauka, hupungua kimo na kutokeza nyuma. Kingo za mifupa huota vichomozo. Kano iliyo nyuma ya mfereji hunenepa. Aliyezaliwa na mfereji mwembamba, wa chini ya milimita 13, huishiwa nafasi mapema. Uti unabanwa, damu inayoulisha inapungua, na kila anapoinama au kuinua kichwa unasuguliwa palepale. Miongoni mwa watu wazima, hakuna sababu nyingine inayoudhoofisha uti wa mgongo mara nyingi kuliko hii.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba shingo yenyewe inaweza isiume kabisa. Wanaolalamika ni mikono na miguu.

Tumchukue fundi cherehani wa miaka 57, mgonjwa wa mfano tu, ila mwenye safari ambayo madaktari wa fani hii wanaijua vizuri. Alianza kwa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, akalaumu macho, akanunua miwani. Miezi kadhaa baadaye vidole vikaanza kufa ganzi, mikono yote miwili. Shilingi mia na shilingi mia mbili akawa hazitofautishi mfukoni mpaka azitoe azitazame. Kisha miguu ikawa mizito. Kwenye ngazi akaanza kushika ukuta, na gizani akawa anayumba. Kwa kuwa miguu ndiyo iliyomtia hofu, alipofika hospitali alipigwa picha ya kiuno. Picha ikaonyesha uchakavu wa kiuno, kama ambavyo ingeonyesha kwa watu wengi wa umri wake, akapewa dawa za maumivu ingawa hakuwa na maumivu ya maana.

Daktari wa pili alianza na salamu, "Shikamoo mama," kisha akamwomba anyooshe mikono mbele. "Sasa kunja ngumi, ukunjue vidole vyote, haraka uwezavyo, mpaka nikwambie basi." Akatazama saa. Mtu mwenye uti mzima hufanya hivyo mara 20 au zaidi kwa sekunde 10. Fundi alifika 11, na kila alipokunjua, kidole cha mwisho kilichelewa kunyooka.

Kilichofuata ni kinyundo cha mpira, na hapa ndipo penye siri ya ugonjwa huu. Mishipa ya miguu inapoharibiwa na kisukari, au inapobanwa kiunoni, mguu hulegea na mshtuko wa goti au wa kifundo hupungua, pengine hupotea. Uti unapobanwa shingoni mambo hugeuka. Breki ambayo ubongo huiweka juu ya mishipa ya chini inalegea, kwa hiyo goti likigongwa mguu unaruka kupita kiasi. Miguu ya fundi iliruka. Daktari akashika kidole chake cha kati na kukibonyeza ukucha kwa ghafla, na kidole gumba kikajikunja chenyewe. Hiyo ni dalili ya Hoffmann. Akakwaruza unyayo kutoka kisigino kwenda mbele, na kidole gumba cha mguu kikapanda juu badala ya kushuka. Hiyo ni ya Babinski. Mwisho akamwambia atembee kwa kuunganisha kisigino na ncha ya mguu mwingine. Hatua ya tatu akayumba.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachotosha peke yake. Wako watu wazima wa afya wenye dalili ya Hoffmann tangu ujanani, na wako wagonjwa wa mwanzo ambao kinyundo hakiwaonyeshi kitu. Lakini mwendo ulioharibika, mikono mizito na mishtuko iliyozidi vikikutana kwa mtu aliyevuka miaka 45, daktari anatakiwa kuitazama shingo, hata kama mgonjwa hajaitaja.

Hapo ndipo picha inapoingia. Eksirei itaonyesha mifupa ilivyochakaa na ilivyojipanga, lakini uti haionyeshi. CT skeni husaidia kuona vichomozo vya mfupa, au kano iliyogeuka mfupa. Kipimo chenyewe hasa ni MRI ya shingo. Katika aina moja ya picha zake, maji yanayouzunguka uti huonekana meupe na uti wenyewe huonekana wa kijivu. Kwa fundi, weupe ule ulikatika kati ya pingili ya 5 na ya 6, na tena kati ya 6 na 7. Diski imesukuma kwa mbele, kano imesukuma kwa nyuma, na uti umekuwa bapa. Ndani ya uti pia palikuwa na doa jeupe, ishara kwamba umeshaanza kuumia. Doa hilo likionekana pia kuwa jeusi katika aina ya pili ya picha, matumaini ya kupona kikamilifu hupungua. La fundi halikuonekana huko.

Lakini MRI nayo isisomwe peke yake. Watu wengi waliozeeka wana uti uliobanwa kidogo kwenye picha na hawana shida yoyote. Hao hawapasuliwi kwa ajili ya picha. Wanaelezwa dalili za kuangalia, na wanafuatiliwa. Kwa upande mwingine, hospitali nyingi za wilaya hazina MRI, na rufaa huchukua muda. Ndiyo maana kinyundo na zile sekunde 10 za ngumi vina thamani kubwa: ndivyo vinavyoamua nani aandikiwe rufaa, na picha ya sehemu gani ya mwili.

Likishajulikana tatizo, swali linabaki moja: apasuliwe, na lini? Wataalamu hutumia mizani ya alama 18, iliyoanzia kwa madaktari wa mifupa wa Japani. Toleo la kwanza liliuliza kama mgonjwa anaweza kula kwa vijiti, na toleo lililorekebishwa linauliza kuhusu kijiko na vifungo vya shati. Mikono ina alama 5, miguu 7, hisia za mikono 3, na kuzuia mkojo 3. Fundi anafunga vifungo kwa taabu kubwa, kwa hiyo mikono inapata 3. Ngazi anapanda kwa kushika, miguu inapata 4. Ganzi yake ni ya kiasi, anapata 2, na mkojo hauna shida, anapata 3. Jumla ni 12. Alama 15 hadi 17 ni ugonjwa mdogo, 12 hadi 14 ni wa kati, na 11 kushuka chini ni mkali. Fundi yuko ukingoni. Angepimwa wakati alipokuwa anapata shida kidogo tu na vifungo na kuyumba kidogo tu, huenda angepata 15.

Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2017 unasema wazi kwamba wenye ugonjwa wa kati na mkali wapasuliwe. Wenye ugonjwa mdogo wana njia mbili, ama upasuaji, ama mazoezi ya tiba chini ya uangalizi. Dalili zikizidi, au nafuu isipopatikana, upasuaji haukwepeki. Mazoezi hayaondoi kinachobana, na hakuna kidonge kinachokiondoa. Wakiachwa bila upasuaji, sehemu kubwa ya wagonjwa huzidiwa ndani ya miaka michache. Wengine hushuka polepole. Wengine hukaa vilevile muda mrefu, kisha huporomoka ghafla baada ya kuanguka kidogo tu bafuni, kwa sababu ndani ya mfereji haikubaki nafasi. Wanaopasuliwa mapema, hasa ndani ya miezi sita tangu dalili zianze, hupata nafuu kubwa kuliko waliosubiri.

Upasuaji hufanywa kwa mbele au kwa nyuma. Kwa mbele, daktari hupita pembeni ya koo, huondoa diski na vichomozo, kisha hujaza nafasi kwa kipande cha mfupa au kizibo maalumu, na mara nyingi hukaza kwa bamba na skrubu. Kwa nyuma, huondoa paa la mfereji na kuziunga pingili kwa skrubu, au hulikata upande mmoja na kulifungua kama mlango ili uti upate kupumua. Uchaguzi hutegemea kinachobana kiko wapi, pingili ni ngapi, na shingo imepinda vipi. Madhara yapo. Wanaopasuliwa kwa mbele wanaweza kumeza kwa shida na kukwaruza sauti kwa siku au wiki kadhaa. Wagonjwa kama 5 katika 100 hupata udhaifu wa bega na sehemu ya juu ya mkono, ambao kwa wengi huisha baada ya miezi.

Mgonjwa aelezwe ukweli huu kabla hajasaini: lengo la kwanza la upasuaji ni kuzuia ugonjwa usisonge mbele. Wengi hupata nafuu, zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini ganzi iliyokaa miaka inaweza isiondoke. Fundi aliyepasuliwa akiwa na alama 12 anaweza kurudia mashine yake. Kutunga uzi kwenye sindano nyembamba ni jambo ambalo hakuna daktari mwaminifu atakayemwahidi.

Kwa hiyo, ukiona mikono yote miwili inakuwa mizito huku mwendo nao unabadilika, usikubali kinyozi wala mchuaji akuzungushe shingo mpaka ilie, kwani uti uliobanwa unaweza kuumizwa hapohapo. Nenda hospitali, umwambie daktari mambo mawili kwa pamoja: "Vifungo vinanishinda, na ninayumba nikitembea." Ukitaja mikono tu, utatibiwa mikono. Ukitaja miguu tu, utapigwa picha ya kiuno. Na ukianza kushindwa kuzuia mkojo, au udhaifu ukizidi kwa siku chache, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.